Jembe Moja kwa Zamu: Namna ya Kupanga Somo la Kilimo Bustanini

Wako vijana wa pwani wengi ambao kazi ya ualimu imewapeleka bara, na barua zao hutufikia mara kwa mara. Nyingi huhusu baridi ya asubuhi na bei ya nazi. Mmoja wao, ambaye anafundisha kilimo katika shule ya sekondari ya chini upande wa Bungoma, alituandikia kuhusu jambo zito zaidi. Katika shule jirani na yake, wanafunzi zaidi ya kumi walikuwa wamesongamana juu ya tuta moja, kila mmoja na zana yake, na jembe la meno likashuka juu ya mguu wa kijana aliyevaa ndara. Meno mawili yakapenya hadi upande wa pili. Kijana alipona, lakini wazazi walikuja shuleni wakataka bustani ifungwe, na watoto wafundishwe kilimo kwa ubao na chaki. Mwalimu wetu alituuliza: je, wazazi wale wana haki?

Tunaona kwamba wana haki katika hofu yao, lakini dawa waliyoitaka siyo. Kilimo cha ubaoni hakimfundishi mtoto uzito wa udongo. Tena mtoto yuleyule akirudi nyumbani jioni atalishika jembe la babake pasipo mtu wa kumwongoza. Lililokosekana siku ile ni mpango. Kwa hiyo tulikaa na mwalimu huyo katika likizo, tukiwa na daftari na futi kamba, tukapanga somo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tunalieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu walimu wa madrasa zetu wenye viwanja pia wametuuliza habari za bustani.

Somo tulilochagua ni la kuchimba tuta kwa kina maradufu. Njia hii inajulikana sana magharibi mwa Kenya, kwa kuwa Kituo cha Kilimo cha Manor House, kilichoko karibu na Kitale, kimekuwa kikiifundisha pamoja na kilimo kisichotegemea mbolea za viwandani tangu miaka ya 1980. Asili yake ni mafunzo yaliyoenezwa na Mmarekani John Jeavons wa California. Maana yake ni nyepesi. Mkulima huchimba handaki lenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, akautoa udongo wa juu, kisha akaulegeza udongo wa chini sentimita 30 nyingine bila ya kuutoa. Halafu huchimba handaki la pili kando ya la kwanza, na udongo wa juu wa hilo la pili ndio unaofunika la kwanza. Huendelea hivyo hadi mwisho wa tuta, na lile handaki la mwisho hufunikwa kwa udongo uliotolewa katika la kwanza.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini tabu yote hiyo? Jibu liko katika mashamba ya mahindi ya Kitale na Bungoma. Shamba likilimwa kwa plau kina kilekile mwaka baada ya mwaka, chini ya udongo uliolimwa hujengeka sakafu ngumu. Maji hutuama juu yake, na mizizi ikiifikia hupinda ikaenda kando kama maji yaliyokutana na ukuta. Mwanafunzi anaweza kuliona hili mwenyewe kabla ya somo: ang'oe kisiki cha muhindi kilichobaki baada ya mavuno, autazame mzizi. Ukiwa umenyooka kwenda chini, udongo ni mwema. Ukiwa umekunjika kama kiwiko, sakafu ipo, na kuchimba kwa kina kuna faida. Mahali ambapo sakafu haipo, ama udongo ni mchanga mtupu, hatuoni haja ya kuwachosha watoto kwa kazi hii.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani mpango wote umesimama juu yake. Mwalimu wetu ana wanafunzi 40. Kipindi cha sekondari ya chini ni dakika 40, naye alimwomba mwalimu mkuu vipindi viwili vifuatane, akapata dakika 80. Mpango wake wa kwanza, aliotuonyesha kwa fahari, ulikuwa kuchimba matuta manne, kila moja urefu wa mita 6. Tulimwomba atupigie hesabu ya udongo. Handaki moja kwenye tuta la upana wa mita 1.2 hutoa lita 108 za udongo, yaani debe tano na zaidi, na udongo ukishalegezwa huumuka ukawa kama debe saba. Tuta la mita 6 lina mahandaki 20. Akaiona hesabu, akacheka mwenyewe. Watoto wangefika robo ya kazi, kengele ingelia, na matuta manne yangebaki yamefumuliwa kama makaburi. Mwalimu anayepanga kazi kubwa kuliko muda huishia kuwahimiza watoto wafanye haraka, na zana kali mikononi mwa mtoto mwenye haraka ndiyo iliyomjeruhi kijana yule.

Tukaanza upya, na safari hii tulianza na swali jingine: ni watoto wangapi wanaoweza kuinua jembe kwa wakati mmoja bila ya kufikiana? Mpini wa jembe ni kama mita moja na robo, na mkono wa kijana wa miaka kumi na mitatu unaongeza zaidi ya nusu mita. Ukiteleza, jembe linafika karibu mita mbili mbele yake na pembeni yake. Kwa hiyo ndani ya duara la mita mbili hasimami mtu mwingine, na juu ya tuta la upana wa mita 1.2 jembe linaloinuliwa haliwezi kuwa zaidi ya moja. Kwa wanafunzi 40 tukaamua matuta mawili tu ya kuchimbwa, yenye njia ya mita tatu baina yake. Majembe mawili katika darasa zima! Mwalimu aliona ni machache mno. Lakini utaona hapa chini kwamba kila mtoto atalishika.

Tuligawa darasa katika makundi manne ya watu kumi, na kazi nne. Kundi moja linachimba. La pili linashughulika na mboji. La tatu linapandikiza miche ya sukuma wiki. La nne linapima, linaandika na kumwagilia. Dakika kumi za mwanzo ni za kugawa zana na kukumbushana, kisha kuna zamu nne za dakika 14 kila moja. Baina ya zamu na zamu zimewekwa dakika mbili za makabidhiano, na dakika nane za mwisho ni za kusafisha na kuhesabu zana. Ukijumlisha utapata dakika 80 kamili. Maelezo yote ya ubaoni yalitolewa siku iliyotangulia, darasani. Bustanini si mahali pa hotuba.

Katika kazi ya kuchimba, kundi la watu kumi linagawanyika mara mbili, watano kwa kila tuta. Wa kwanza ana jembe, wa pili ana beleshi, wa tatu ana uma wa kukanyagia kwa mguu, wa nne ana kijiti cha kupimia kilichotiwa alama ya sentimita 30 na 60, na wa tano ni mwangalizi. Handaki la mita 1.2 tumeligawa vipande vitatu vya sentimita 40. Mwenye jembe anakata kipande kimoja, kisha anaweka jembe chini na kurudi nyuma. Mwenye beleshi anaingia, anahamisha udongo ule. Naye akitoka, mwenye uma anaingia, anaulegeza udongo wa chini kwa kuutikisa tu, bila ya kuupindua. Mpimaji anatia kijiti na kusema kwa sauti, "Imefika" au "Bado." Kisha wote watano wanabadilishana nafasi: mwangalizi huchukua jembe, na kila mmoja anasogea hatua moja.

Kipande kimoja ni kama lita 36 za udongo, chini ya debe mbili, na vijana huchukua kama dakika mbili na nusu kukimaliza iwapo udongo una unyevu wa wastani. Katika zamu ya dakika 14 hupatikana mizunguko mitano, na baki ya dakika moja na nusu ya kuvuta pumzi. Mizunguko mitano kwa watu watano maana yake kila mmoja ameshika jembe mara moja, beleshi mara moja, uma mara moja. Na kwa makundi manne jumla ni mizunguko 20. Basi tukalipa tuta urefu wa mita 1.8, ambao ni mahandaki sita, yaani vipande 18. Mizunguko miwili inayobaki ni ya kurudisha udongo wa handaki la kwanza kwenye la mwisho. Tuta ni dogo, ni kweli, lakini kengele ikilia limekwisha. Tuligundua pia faida ambayo hatukuitafuta: kwa kuwa zana moja tu ndiyo inayofanya kazi ndani ya handaki kwa wakati mmoja, hakuna mguu ulio karibu na chuma cha mwenzake.

Mchimbaji husimama juu ya ardhi isiyochimbwa, akirudi nyuma kidogo kidogo, wala hakanyagi udongo uliokwisha kulegezwa, maana akiukanyaga ameurudishia ugumu wake. Udongo wa juu na wa chini visichanganywe. Katika bustani nyingi za huko tofauti inaonekana kwa rangi: wa juu una weusi wa majani yaliyooza, wa chini ni mwekundu zaidi. Mwalimu akiona wekundu umetapakaa juu ya tuta, ajue kwamba mwenye uma anapindua badala ya kutikisa.

Mwangalizi ana neno moja tu, "Simama!", na likitamkwa kila zana hushushwa, awe ametamka kwa haki au kwa kuogopa kivuli. Mwalimu wetu alihofu kwamba watoto watalichezea. Tulimshauri asimkemee atakayelisema bure, kwani mtoto akikemewa mara moja, siku ya hatari halisi atanyamaza.

Suala la viatu lilituchukua jioni nzima. Kanuni ya kwamba asiye na viatu vya kufunika hachimbi ni kanuni njema, na tunaiunga mkono. Lakini tazama inavyofanya kazi: mtoto wa maskini kila wiki atawekwa kwenye daftari na kopo la maji, na darasa zima litajua sababu. Hapo tuliirudia hesabu. Wanaoshika zana katika matuta mawili ni sita tu kwa wakati mmoja, wenye jembe, wenye beleshi na wenye uma. Kwa hiyo shule haihitaji jozi 40 za mabuti ya mpira. Jozi kumi, moja kwa kila mchimbaji wa zamu, zinatosha darasa zima, kwani kundi likitoka linayavua na kundi linaloingia linayavaa. Shule isiyoweza kumi ianze na sita, na watoto wabadilishane kila mzunguko, ingawa hapo muda utapungua na tuta lifupishwe liwe la mahandaki manne. Mabuti ya saizi mbili hutosha, kwa kuwa makubwa hujazwa kwa soksi. Nao wenye viatu vyao pia wavae mabuti ya shule, asiwepo wa kutazamwa.

Zana zenyewe zikaguliwe siku moja kabla, si asubuhi ya somo. Hatari kubwa ya jembe ni kichwa kilicholegea. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, uvitikise kwa kupishana: ukisikia hata mchezo mdogo, jembe hilo haliendi bustanini. Aghalabu watu hulitumbukiza jembe ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, mti ukavimba ukashika, wakaridhika. Hiyo ni dawa ya nusu siku. Jua la Bungoma likiukausha mpini, kichwa kinalegea tena, na safari hii katikati ya kazi. Bora jembe ligeuzwe kichwa chini, ncha nene ya mpini igongwe juu ya jiwe, ili chuma kishuke na kukaza kwenye unene wa mti. Lisipokaza hivyo, mpini umeliwa na ubadilishwe. Tazama pia mipini yenye nyufa na vibanzi, ukaisugue kwa msasa.

Ukutani mwa ghala, mwalimu wetu alichora kwa rangi umbo la kila zana mahali pake pa kutundikwa, na kila zana ikapewa namba. Sasa haitaji orodha kujua kilichopotea: mchoro uliobaki mtupu unamwambia. Uma uliosahaulika majanini ni hatari zaidi kuliko uma ulio mkononi, na ndiyo sababu tumetenga dakika nane za mwisho, ambazo hazipunguzwi hata kama tuta halijakwisha.

Njia ya kutoka ghalani hadi bustanini nayo ina adabu zake. Jembe hubebwa pembeni mwa mwili, mkono karibu na kichwa, makali yakielekea chini na mbele, wala halitiwi begani, kwani anayegeuka na jembe begani humpiga aliye nyuma yake usoni. Uma hubebwa meno yakitazama ardhi. Zana haipokezwi mkono kwa mkono, na hairushwi: mmoja anaiweka chini, mwenzake anaiokota. Reki hulazwa meno chini, na aliyewahi kuikanyaga iliyolazwa meno juu hahitaji kuelezwa kwa nini. Panga halimo kabisa katika somo hili. Vigingi vya kamba vilichongwa na mwalimu mwenyewe siku iliyotangulia.

Tusisahau vituo vingine vitatu, ijapokuwa havihitaji maneno mengi. Kundi la mboji linachukua mboji iliyoiva kutoka kwenye biwi, linachagua mawe na vijiti, na kuipeleka karibu na matuta. Tuta la mita 1.2 kwa 1.8 linahitaji kama debe tatu, zikitandazwa hupata unene wa vidole viwili hivi, kisha zikachanganywa na udongo wa juu kwa reki. Mboji iliyoiva hunuka kama msitu baada ya mvua, na ukitia mkono ndani ya biwi haina joto. Iliyo moto na yenye harufu ya zizi ingali inaoza, na itaiunguza mizizi ya miche. Watoto wabebe nusu debe watu wawili wawili, na mwenye pumu asiwekwe kwenye kuchekecha mboji kavu. Abadilishwe nafasi ndani ya kundi, pasipo kutangazwa.

Kundi la kupandikiza haliwezi kutumia matuta yanayochimbwa, na hapa walimu wengi hukwama. Lazima yawepo matuta mawili yaliyotayarishwa mapema. Mwalimu wetu aliwapa kazi hiyo wanachama wa klabu ya 4-K ya shule, ile ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambayo serikali iliifufua mashuleni mwaka 2021. Kila tuta lina urefu wa mita 3. Miche inapangwa mitatu, miwili, mitatu, miwili, kwa umbali wa sentimita 40 kati ya mche na mche. Tuta moja linapokea miche 23, na mawili 46. Kila mwanafunzi anapanda mmoja na kuchomeka kijiti chenye namba yake, na sita inabaki ya kujazia itakayokufa. Mche uwe na urefu wa penseli na majani manne hivi, utolewe kitaluni na donge la udongo wake, ufukiwe hadi chini ya majani ya kwanza na kushindiliwa kwa vidole. Wakati mwema wa kupandikiza ni jioni au siku ya mawingu. Kwa kuwa vipindi vyetu ni vya asubuhi, kila mche ulifunikwa kwa tawi la majani kwa siku tatu.

Kundi la nne linapima urefu wa matuta, linaandika ni vipande vingapi kila kundi limechimba, na linamwagilia miche iliyopandwa. Wawili wao hutumwa kuhesabu zana kila zamu inapobadilika. Kazi hii watoto huidharau mwanzoni. Lakini daftari lao ndilo lililotuonyesha wiki ya pili kwamba kundi la mwisho lilifanya mizunguko mitatu badala ya mitano, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuchoka kwa kubeba mboji na kulipata jua la saa tano. Tangu hapo, kundi linaloanza na kuchimba wiki hii huanza na mboji wiki ijayo, na hivyo hivyo, ili zamu ya mwisho isiangukie migongo ileile.

Kuhusu wasichana na wavulana, zamu inamaliza ubishi wenyewe. Pasipo zamu, huko bara kama kwetu, jembe huenda kwa wavulana na kopo la maji kwa wasichana kabla mwalimu hajafungua kinywa. Namba ikiitwa, namba ndiyo inayoshika.

Mwalimu mwenyewe asimame wapi? Baina ya matuta mawili yanayochimbwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Asiende kusahihisha umbali wa miche, wala asiitwe kutazama mboji. Kila kundi lina kiongozi aliyekwisha kuelezwa kazi jana yake, na katika zile dakika mbili za makabidhiano kiongozi anayetoka humweleza anayeingia: tumefika handaki la tatu kipande cha pili, hapa pana jiwe, uma namba nne mpini wake unachoma. Miche ikipandwa mshazari itanyooshwa kesho. Mguu haunyooshwi kesho.

Upo wakati ambapo haifai kuchimba kabisa. Chukua udongo wa kina cha shubiri moja, ufinyange kiganjani uwe tonge, uudondoshe kutoka kiunoni. Ukivunjika, endelea. Ukibaki tonge, ama ukianguka kama kitumbua na kung'aa ulipofinywa, umelowa mno. Kuuchimba ni kuufinyanga matofali, na zana hunasa na kuteleza. Kitale ina msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza kama Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Oktoba, kwa hiyo kazi hii ifanywe kabla ya mvua kukolea, muhula wa kwanza. Bungoma, ambayo ni ya chini zaidi na yenye mvua za vuli pia, inapata nafasi nyingine kama Agosti, ingawa hapo likizo huingilia. Ardhi ikiwa kavu kama saruji, imwagiliwe siku mbili kabla. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia somo, zamu zinabaki zilezile, ila kazi ya kuchimba inageuzwa kuwa kukagua mipini, kusugua kutu na kupaka mafuta. Mwalimu asiye na badala kama hiyo hushawishika kuchimba tope kwa kuwa vipindi vimeshaombwa.

Na ajali ikitokea juu ya hayo yote? Sanduku la huduma ya kwanza liwe bustanini, si ofisini kwa mwalimu mkuu lililofungiwa. Jeraha la kukatwa linalotoa damu hukandamizwa kwa kitambaa safi, mguu ukainuliwa. Lakini lile linalopaswa kutisha zaidi ni tundu dogo la jino la uma, ambalo damu yake ni tone na mtoto husema haliumi. Udongo wenye samadi umeingia ndani, na huko ndiko vijidudu vya pepopunda hupenda. Lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, na mtoto apelekwe zahanati siku hiyohiyo aangaliwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Mzazi aarifiwe na mwalimu kwa kinywa chake, kabla ya kuarifiwa na majirani.

Mwalimu wetu aliwaalika wazazi watazame somo la kwanza la mpango huu. Walikuja wachache. Mzee mmoja, aliyekuwa miongoni mwa waliotaka bustani ifungwe, alisimama nyuma ya kamba muda wote, kisha akauliza kwa nini majembe ni mawili tu na watoto ni wengi hivi. Mwalimu alimpa daftari la kundi la nne. Akahesabu majina arobaini chini ya neno "jembe," akalirudisha bila ya kusema kitu, akaomba kuona ghala.

Kwa walimu wa madrasa zetu za pwani, tunasema hivi: msichukue kuchimba maradufu, kwani mchanga wa kwetu hauna sakafu ya kuvunja, na maji hupita upesi kuliko tunavyotaka. Chukueni zamu, kijiti cha kupimia, michoro ya ghalani na ile hesabu ya vipande. Badala ya handaki, tuta la kwetu lizamishwe shubiri moja chini ya njia, mboji iwe maradufu ya ile tuliyoitaja, na juu yatandikwe majani makavu ya mnazi yaliyokatwakatwa. Kipande kimoja cha mchanga kitamalizika kwa dakika moja na nusu badala ya mbili na nusu, kwa hiyo tuta linaweza kurefushwa hadi mita 3 kwa muda uleule. Kabla ya kuamua, mwalimu achimbe kipande kimoja mwenyewe, saa mkononi, kwa mwendo wa mtoto.